Shajara ya mradi: malipo ya simu katika duka la vitenge Lubumbashi, na hesabu ya kila jioni

Juma la 1. Hali tuliyoikuta

Duka linauza vitenge, vilemba na uzi kwa njia ya mtandao. Mizigo inatoka Kamalondo, inasambazwa na pikipiki mjini, na mingine inapanda basi kwenda Likasi na Kolwezi. Mteja anachagua bidhaa, anaona namba tatu za duka (moja ya M-Pesa, moja ya Airtel Money, moja ya Orange Money), anatuma pesa, kisha anapiga picha ujumbe wa simu yake na kuituma kama ushahidi. Jioni mtu mmoja anahesabu picha, mwingine anaangalia salio, na mara nyingi hawaelewani.

Jambo la kwanza tulilobadilisha ni hili la picha. Picha ya ujumbe wa mteja haithibitishi chochote. Kiasi na jina vinaweza kubadilishwa kwa dakika tatu. Ujumbe wa uongo nao unaweza kuingia kwenye simu ya duka lenyewe, na maandishi yake yanafanana kabisa na ya mtandao. Dalili yake ni kwamba umetoka kwa namba ya kawaida ya simu, si kwa jina la huduma. Dalili iliyo bora kuliko hiyo ni salio, kwa sababu anayetunga ujumbe hawezi kulisogeza. Kwa hiyo kanuni ya ghalani ni moja: mzigo haufungwi mpaka malipo yaonekane kwenye orodha ya shughuli ya akaunti ya duka, inayofunguliwa kwa `*1122#`, `*501#` au `*144#` kulingana na mtandao. Mteja bado anaandika namba ya shughuli, lakini inatusaidia kuyatafuta malipo tu.

Simu ya duka haitoki nje ya duka, na anayefunga mizigo hajui namba ya siri. Anayeijua namba ya siri hafungi mizigo.

Juma la 2. Pochi sita, si tatu

Akaunti ya pesa ya simu Kongo ina pochi mbili ndani yake, ya dola na ya faranga, na kila moja ina salio lake. Namba tatu za duka kwa hiyo ni pochi sita. Daftari la zamani lilikuwa na mstari mmoja wa jumla, umegeuzwa wote kuwa dola kwa kiwango alichokikumbuka mwandishi. Tofauti nyingi za hesabu zilikuwa zimezaliwa hapo.

Sasa kila pochi ina ukurasa wake, na kila ukurasa una mlinganyo uleule:

```
salio la jana + yaliyoingia - yaliyotoka - ada = salio la leo
```

Hakuna ubadilishaji wa sarafu ndani ya mlinganyo huu. Dola zinalinganishwa na dola, faranga na faranga. Mwisho wa mwezi mwenye duka akitaka jumla moja atabadilisha, lakini hiyo ni ripoti, na ripoti haitafuti makosa.

Bei zinaandikwa kwa dola. Mteja akitaka kulipa faranga, ukurasa unamwonyesha kiasi kwa kiwango cha duka cha siku ile. Kiwango kinawekwa asubuhi mara moja, na agizo linapofunguliwa kinanakiliwa ndani ya agizo lenyewe. Nakala hii ni ya lazima. Agizo la dola 13 lililofunguliwa kiwango kikiwa 2,300 linasubiri faranga 29,900, hata kama mteja atalipa kesho na kiwango kimepanda. Muda wa agizo ni saa 24. Baada ya hapo linafungwa na mteja anafungua jipya kwa kiwango kipya. Bila kikomo hicho mteja mjanja atafungua maagizo leo na kulipa siku ambayo faranga imeshuka.

Kwenye hifadhidata kiasi kinaandikwa kwa namba nzima: senti kwa dola, faranga kwa faranga. Dola 14.50 ni 1450. Desimali za kompyuta huacha vijisenti vya ajabu kwenye jumla, na mtu anayefunga hesabu usiku hana haja ya kutafuta senti ambayo haikuwahi kuwepo. Uzuri wa dola ya simu, tukiwa hapo, ni kwamba haichaniki: hakuna anayeikataa kwa sababu kona yake imekatika, na senti hamsini zinalipika bila kutafuta chenji.

Juma la 3. Namba ya anayelipa

Tulitegemea kuyatambua malipo kwa namba ya simu ya mteja. Njia hii inafika nusu ya safari tu. Mtu anaagiza kwa namba yake lakini analipiwa na mume, dada, au mwenye kibanda cha wakala pale kona. Namba ya aliyetuma na namba ya agizo ni vitu viwili, na sasa zinahifadhiwa kwenye nafasi mbili.

Namba zote zinasafishwa kabla ya kuhifadhiwa. Watu wanaandika kwa kuanza na 0, na +243, na 243, na nafasi katikati. Zote zinageuzwa kuwa 243 ikifuatiwa na tarakimu tisa. Mwanzo wa namba unatuambia pia ni pochi zipi za kutazama: 081, 082 na 083 ni Vodacom, 097, 098 na 099 ni Airtel, 084, 085 na 089 ni Orange. Mteja akichagua M-Pesa huku ameandika namba inayoanza na 099, ukurasa unamuuliza kabla ya kuendelea.

Ufunguo wa kweli wa malipo ni namba ya shughuli inayotolewa na mtandao. Hiyo haijirudii ndani ya mtandao mmoja. Tukaweka kizuizi kwenye hifadhidata:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX malipo_mara_moja
ON malipo (mtandao, namba_shughuli);
```

Faida ya kizuizi hiki ilionekana juma lililofuata.

Juma la 4. Ombi la malipo badala ya kutumiwa

Duka limeunganishwa sasa na kampuni ya kuunganisha malipo. Mteja akibonyeza kulipa, duka linapeleka ombi lenye kiasi, sarafu, namba ya simu na namba ya agizo. Simu ya mteja inaonyesha dirisha la kuweka namba ya siri. Akiiweka, pesa zinahama, na kampuni inapeleka jibu kwenye anwani ya duka: imelipwa, au imeshindikana.

Shida iko kwenye jibu hilo. Linaweza kuja mara mbili, kwa sababu kampuni isipopata neno la kupokea kutoka kwetu inarudia. Linaweza kuchelewa. Linaweza lisije kabisa, kwa mfano umeme umekatika na kompyuta ya duka imezimika. Likija mara mbili, kile kizuizi cha juma la 3 kinakataa mstari wa pili, nasi tunajibu "tumepokea" bila kuongeza kitu. Kukataa kwa kutoa kosa ni vibaya, maana kampuni itaendelea kurudia usiku kucha.

Jibu likikosekana, hatari kubwa ni neno moja kwenye skrini: "jaribu tena". Mteja ambaye pesa zake zimeshatoka ataweka namba ya siri mara ya pili, na atalipa mara mbili. Kwa hiyo agizo lina hali nne, si mbili: inasubiri, imelipwa, imeshindikana, haijulikani. Baada ya dakika 2 bila jibu, duka linaiuliza kampuni hali ya ombi lile kwa namba ya agizo. Linauliza tena baada ya dakika 10, na mara ya mwisho kabla ya kufunga siku. Muda wote huo kitufe cha kulipa kimefungwa na skrini inasema malipo yanahakikishwa. Kitufe kinafunguka tu kampuni ikisema wazi kwamba imeshindikana. Ukimya hauhesabiwi kama kushindikana.

Kabla ya kuandika "imelipwa" duka linakagua mambo matatu ndani ya jibu: sahihi ya kampuni, kiasi, na sarafu. Sarafu inasahaulika kirahisi. Jibu lenye kiasi 30 linaweza kuwa dola 30 au faranga 30, na programu inayosoma tarakimu peke yake itatoa kitenge kizima kwa pesa isiyonunua hata pipi.

Njia ya zamani ya kutuma kwa namba ya duka haikufungwa. Wapo wateja wa Kolwezi wanaoipenda, na wapo wanaolipiwa na wakala. Malipo hayo yanaingizwa kwa mkono.

Juma la 5. Saa moja iliyokuwa inapotea

Siku ya duka tumeifunga saa 19:00, kwa sababu pikipiki ya mwisho inatoka 18:30. (Saa zote za shajara hii ni za tarakimu 24, mtu asije akachanganya saa moja ya jioni na saa saba.)

Siku tatu mfululizo hesabu ilikataa, kisha siku moja ikakubali yenyewe, kisha ikakataa tena. Tofauti haikuwa ya kiasi kimoja. Kilichotuonyesha njia ni saa ya kufanya kazi yenyewe: jioni ile taarifa ya akaunti ilipochukuliwa 19:00 juu ya alama, hesabu ilikubali. Ilipochukuliwa 20:30, kulikuwa na malipo ya ziada.

Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Taarifa tunayoipakua inaandika saa ya Kinshasa. Malipo yaliyoingia 19:20 ya hapa yanasomeka 18:20 kwenye taarifa, na anayechuja "mpaka 19:00" anayabeba kama ya leo wakati daftari la duka limeshayapeleka kesho. Ukichukua taarifa kabla malipo hayo hayajatokea, kosa halionekani. Ndiyo maana lilikuwa linakuja na kuondoka.

Dawa ni kutaja eneo la saa kila mahali:

```sql
SELECT namba_shughuli, kiasi, sarafu,
  saa AT TIME ZONE 'Africa/Kinshasa'
      AT TIME ZONE 'Africa/Lubumbashi' AS saa_ya_duka
FROM taarifa;
```

Sehemu ya kwanza inasema saa iliyoandikwa ni ya Kinshasa, ya pili inaigeuza kuwa ya Lubumbashi. Hii inafanya kazi kama safu ya `saa` imehifadhiwa bila eneo lake. Majibu ya kampuni ya malipo yenyewe yanakuja kwa saa ya UTC, iliyo saa mbili nyuma yetu, kwa hiyo kila chanzo kina mstari wake wa kugeuzia. Simu ya duka nayo ikaguliwe. Simu iliyowekwa saa ya Kinshasa kwa mkono inaendelea hivyo hata ikifika Katanga.

Anayetaka kujua kama ugonjwa wake ni huu achukue malipo mawili anayoyafahamu dakika yake, ayatafute kwenye taarifa, na aone kama yote yametofautiana kwa saa moja kamili au mbili kamili. Tofauti ya dakika chache ni uchelewaji. Ya saa kamili ni eneo la saa.

Juma la 6. Jioni moja, hatua kwa hatua

Utaratibu wa sasa unachukua kama nusu saa. Saa 19:00 mshika simu anasoma masalio ya pochi sita na kuyaandika kwa mkono, kabla ya kufungua kompyuta. Tunaandika kwanza kwa makusudi: mtu aliyeshaona jumla inayotarajiwa huwa anaisoma hiyohiyo kwenye simu. Hakuna kutoa pesa wala kulipa muuza vitenge kati ya 18:45 na mwisho wa hesabu.

Hii ni jioni moja ya kweli ya majaribio, pochi mbili za mtandao mmoja.

Pochi ya dola ilianza na 142.60. Maagizo ambayo duka limeyaandika "imelipwa" kwa dola yalikuwa 9, jumla 211.00. Mchana zilitumwa 180.00 kwa muuza vitenge, na ada iliyosomeka kwenye ujumbe ilikuwa 1.80. Salio linalotarajiwa:

```
142.60 + 211.00 - 180.00 - 1.80 = 171.80
```

Simu ilisema 177.30. Kuna 5.50 zaidi.

Pochi ya faranga ilianza na 96,500. Maagizo ya faranga yalikuwa jumla 253,000, na hakuna kilichotoka. Inayotarajiwa ni 349,500. Simu ilisema 390,900. Kuna 41,400 zaidi.

Pesa zikizidi watu hufurahi na kufunga daftari. Zikizidi zichunguzwe kama zilizopungua, maana ziada ni agizo la mtu ambalo halijafungwa. Tena 5.50 haikuwa kitu kimoja. Tukaitafuta kwa kuuliza taarifa ya akaunti ina mistari gani ambayo daftari la duka halina:

```sql
SELECT t.namba_shughuli, t.kiasi, t.sarafu
FROM taarifa t
LEFT JOIN malipo m
  ON m.mtandao = t.mtandao
 AND m.namba_shughuli = t.namba_shughuli
WHERE m.namba_shughuli IS NULL;
```

Ukiacha ule wa 180.00 zilizotumwa kwa muuza vitenge, ulitoka mstari mmoja wa dola 24.00, ulioingia 18:52. Agizo lake lilikuwa bado "haijulikani" na jibu la kampuni halikuwa limefika. Tuliuliza hali, ikajibiwa imelipwa, agizo likaandikwa. Hiyo ni ziada ya 24.00, iliyo kubwa kuliko 5.50, kwa hiyo lazima kuna upungufu wa 18.50 mahali pengine.

Hapo swali linageuzwa: ni mistari ipi iliyopo pande zote mbili lakini kiasi au sarafu haifanani? Ilitoka miwili.

Mmoja ni agizo la dola 18.00 lililoingizwa kwa mkono. Mteja alikuwa ametuma faranga 41,400, ambayo ni 18 mara 2,300, kamili kabisa. Mwingizaji aliona bei ya agizo, 18, akaacha sarafu ya dola iliyokuwa imechaguliwa tayari. Pochi ya dola ikapungukiwa 18.00, na ile ya faranga ikazidi 41,400. Kosa moja limechafua kurasa mbili.

Wa pili ni agizo la dola 15.00 ambalo pesa zilizofika ni 14.50. Mteja alimpa wakala dola 15 amtumie, na wakala akakata ada humohumo.

```
24.00 - 18.00 - 0.50 = 5.50
```

Pochi zote mbili zikakubali. Angalia lakini ingekuwaje kwa daftari la zamani la mstari mmoja: faranga 41,400 zingegeuzwa kuwa dola 18.00, zingefuta upungufu wa dola 18.00, na kosa la sarafu lisingeonekana kamwe. Lingebaki ndani mpaka kiwango kibadilike, kisha lingetokea kama hasara ndogo isiyo na jina.

Baada ya jioni hiyo, fomu ya kuingiza kwa mkono haina tena sarafu iliyochaguliwa mapema. Mwingizaji lazima abonyeze mwenyewe dola au faranga, na kiasi anakiandika kutoka kwenye orodha ya shughuli. Bei ya agizo imeondolewa kwenye skrini hiyo.

Juma la 7. Vijisenti na ada

Ile 0.50 imezua mjadala kuliko zile 24. Watu hapa huuliza kabla ya kutuma, "niongeze na fre?", yaani ada ya kutoa pesa kwa wakala. Wengine wanaongeza bila kuuliza, wengine wanakata. Uamuzi uliochukuliwa: bei ya duka ni ile inayofika kwenye pochi, ada ya kutoa ni juu ya duka, na ukurasa unasema hivyo kwa sentensi moja chini ya kiasi.

Upungufu usiozidi senti 50 au faranga 1,000 unaachiliwa, mzigo unaondoka, na tofauti inaandikwa kwenye ukurasa wa "tofauti ndogo". Zaidi ya hapo mteja anapigiwa. Ziada ya hadi faranga 1,000 inaandikwa hapohapo. Mtu anayedaiwa 29,900 atatuma 30,000 na hatarajii kurudishiwa 100. Ziada iliyo kubwa kuliko hapo inarudishwa kwa namba iliyotuma, si kwa namba ya agizo, hata mteja akisema vingine. Kurudisha kwa namba tofauti ni mlango wa utapeli: mtu analipa kwa simu ya wizi, anadai amezidisha, na anaomba ziada kwenye simu yake.

Ukurasa wa tofauti ndogo unasomwa kila Jumamosi. Upungufu uleule kutoka kwa mtumaji yuleyule ukionekana mara tatu, ni wakala anayekata ada, na wateja wake wanapelekewa ombi la malipo badala ya namba ya kutumia.

Bado kufanyika

Maagizo yaliyo "haijulikani" saa 19:00 yanabebwa kwenda ukurasa wa kesho kwa namba zao, lakini hakuna anayeonywa yakikaa siku mbili. Onyo litawekwa juma lijalo. Africell haijaunganishwa, namba za 090 zinapelekwa kwenye njia ya kutuma kwa mkono. Na simu ya duka inahitaji betri ya akiba, maana jioni mbili masalio yalisomwa 19:40 baada ya umeme kurudi, na malipo ya dakika 40 yale yalitolewa moja moja kwa kalamu.